Kondo chini wiki ya 20: tuandike jina au milimita?

Mama wa mimba ya wiki 20 anashuka kutoka vijiji vya juu Makete, anapigwa ultrasaundi, anarudi na karatasi iliyoandikwa "plasenta previa", yaani kondo la nyuma limefunika mlango wa kizazi. Akifika nyumbani neno hilo limeshageuka "utapasuliwa". Wapo wapimaji wanaokataa kuliandika mapema hivyo. Huandika umbali wa ukingo wa kondo kutoka mlango huo na tarehe ya kurudi, basi. Wenzao huwalaumu kwamba wanaficha tatizo. Naona wanaonewa, ingawa lawama yenyewe haikutoka hewani.

Imetoka barabarani. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na kwa wajawazito wengi hiyo moja ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Mvua zikishaharibu njia za milimani, kurudi wiki ya 32 ni nauli nyingine na siku za shamba zinazopotea. Asiporudi, na kweli kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi, damu itamkuta kijijini. Afadhali aogope bure, wanasema, kuliko afe. Hoja hiyo siwezi kuibeza.

Lakini tutazame mashine inaona nini. Tuseme mama huyu amekunywa maji mpaka kibofu kimejaa pomoni. Kibofu cha namna hiyo hugandamiza ukuta wa mbele wa kizazi mpaka ukutane na wa nyuma. Shingo ya kizazi huonekana ndefu kuliko ilivyo, na kondo la ukuta wa mbele huonekana limekalia mlango wa ndani. Picha ya kwanza inasema hivyo hasa. Anaambiwa akakojoe, anapimwa upya: ukingo wa kondo uko milimita 14 kutoka mlangoni. Hajatoka hata nje ya jengo, na previa imeshatoweka! Chini ya milimita 20 bado tunasema kondo limekaa chini, ila previa ni pale linapoufunika mlango wenyewe.

Misuli ya kizazi ikijikaza hudanganya vilevile. Hapo dawa ni kusubiri kama nusu saa. Kondo likiwa ukuta wa nyuma, na kichwa cha mtoto kikitia kivuli, kipimo cha kupitia ukeni ndicho kinachokata shauri. Wengi wanakihofia bure: kifaa hakiingii ndani ya shingo ya kizazi. Wa kuogopwa ni uchunguzi wa kidole, maana kidole kikipita mlangoni kinaweza kubandua kondo na kufungulia damu.

Halafu mimba yenyewe inabadilika. Kwa kila wajawazito 10 walioonekana na kondo chini katikati ya mimba, takriban 9 hukutwa limepanda kabla ya kujifungua. Kondo halitembei, sehemu ya chini ya kizazi hutanuka na kuupeleka ukingo juu. Mama wetu akirudi wiki ya 32, ukingo uko milimita 31, na anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Wasiofuata mkondo huo ni hasa wale ambao kondo limevuka mlango kwa sentimita mbili na zaidi, au limekaa juu ya kovu la upasuaji.

Kovu hilo ndilo linaloninyima usingizi. Jina likishaandikwa kwenye kadi halifutiki kirahisi. Wiki ya 38 mtu anasoma kadi badala ya kupima tena, mama anapasuliwa. Mimba ijayo kondo linaweza kujishikiza juu ya kovu na kuota ndani ya ukuta wa kizazi. Mtoto akishatoka halibanduki, damu inamwagika, na mara nyingine kizazi hutolewa. Hatari hiyo huongezeka kwa kila upasuaji. Hofu ya bure, basi, ina gharama yake, ila bili inakuja miaka mitatu baadaye.

Maji ya mtoto nayo huandikwa kwa mtindo huohuo: "maji kidogo", bila namba, chini ya neno previa, na mama anachanganyikiwa mara mbili. Tafuta mfuko wa maji wenye kina kuliko yote, usio na kitovu wala kiungo cha mtoto, upime wima bila kulikandamiza tumbo. Kati ya sentimita 2 na 8 ni sawa. Ukiwa 4.6, andika 4.6.

Kwa wenye hoja ya barabara, karatasi ya mama huyu ingesomeka hivi: "Wiki 20. Kondo ukuta wa mbele, ukingo milimita 14 kutoka mlango wa ndani, kibofu kikiwa kitupu. Mfuko wa maji sentimita 4.6. Apimwe tena wiki ya 32. Damu ikitoka wakati wowote, hata bila maumivu, asipimwe kwa kidole. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezea."