Folda yenye faili laki mbili na nusu: kuigawa au kuiacha?

“Folda yangu ya hati zilizoskaniwa ina picha karibu laki mbili na nusu. Nikiibofya, mstari wa kijani unatambaa juu dakika nzima ndipo majina yaanze kuonekana. Kila ninayemuuliza ananiambia niigawe. Ni lazima?”

Si lazima, na wanaokushauri hivyo wanaruka hatua moja muhimu. Ukibofya folda, kazi mbili hufanyika. Diski husoma orodha ya majina, kisha File Explorer, programu inayokuonyesha folda, huyapanga, huyatafutia maelezo ya ziada na kuyachora kwenye kioo. Kugawa folda hupunguza kazi zote mbili, lakini gharama yake si ndogo. Ikiwa tatizo liko kwenye ile kazi ya pili peke yake, kuna njia nyepesi zaidi.

Tuchukue Windows, na diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kuhifadhi faili. NTFS haitupi majina ya faili kama rundo la kupekua moja baada ya jingine. Huyaweka katika faharasa yenye umbo la mti, yakiwa yamepangwa kialfabeti, na kando ya kila jina huhifadhi pia ukubwa wa faili na tarehe zake. Kwa hiyo faili moja kati ya laki mbili na nusu hupatikana kwa hatua chache tu, na orodha nzima inaweza kusomwa bila kufungua faili hata moja. Kwa NTFS yenyewe, idadi hiyo si mzigo wa kutisha.

Usiniamini kwa maneno, pima. Washa kompyuta upya, na kabla hujaifungua folda hiyo popote, fungua `cmd` uandike hivi:

```
dir /b D:\Skani > "%TEMP%\orodha.txt"
```

Kuwasha upya kuna sababu yake. Folda ikishasomwa mara moja, sehemu kubwa ya orodha hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kipimo cha pili hutoka kizuri kuliko hali halisi. Amri hii inaomba majina matupu na kuyaandika kwenye faili la maandishi, bila kuchora chochote. Kama inamaliza kwa sekunde chache ilhali File Explorer inachukua dakika nzima, diski haina hatia. Kama nayo inasota, ruka mpaka kwenye hoja za kugawa, kwa sababu zinakuhusu.

Kwa diski iliyo ndani ya kompyuta, hasa SSD, jibu huwa ni lile la kwanza. Basi ile dakika inaliwa na nini? Windows huitazama folda, ikiona imejaa picha huipa mpangilio wa picha. Mpangilio huo huleta safu kama `Date taken`, `Tags` na `Dimensions`. Hapo ndipo penye balaa. Jina, ukubwa na tarehe ya kubadilishwa vyote vimo kwenye faharasa, lakini tarehe ya kupigwa picha imo ndani ya faili lenyewe. Ili kuijua, lazima faili lifunguliwe, sehemu yake ya mwanzo isomwe, kisha lifungwe. Programu ya kuzuia virusi nayo huweza kudai kulikagua kila linapofunguliwa. Ukiwa umepanga folda kwa safu hiyo, File Explorer haiwezi kujua nani awe wa kwanza mpaka iwe imewauliza wote. Kazi iliyotakiwa kuwa ya kusoma orodha moja inageuka kuwa ya kufungua mamia ya maelfu ya faili.

Watu hukimbilia kulaumu zile picha ndogo za kutazamia, na kweli zinachosha mashine, lakini hizo huchorwa hasa kwa faili zilizo mbele ya macho yako. Kupanga hakuna huruma hiyo.

Tiba yake ni hii. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, nenda `Properties`, kisha `Customize`, na penye `Optimize this folder for` uchague `General items`. Ingia ndani ya folda, chagua mwonekano wa `Details`, bofya kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia uondoe kila safu inayotoka ndani ya faili, kisha upange kwa `Name` na uzime kugawa kwa makundi kwenye `Group by`. Mara ya kwanza utalazimika kusubiri folda ifunguke kwa mwendo wake wa zamani. Baada ya hapo tofauti huonekana wazi.

Hoja nyingine ya upande wa kuiacha folda ilivyo ni kwamba mara nyingi huna haja ya kuifungua. Unayejua unatafuta `SKANI_123456.jpg` bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika njia kamili ya faili, na litafunguka moja kwa moja bila folda kuchorwa. Hakuna mtu anayesoma majina laki mbili na nusu kwa macho, anatafuta moja. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, ningekushauri uishie hapa.

Sasa upande wa pili, na hoja zake ni nzito vilevile.

Kwanza, orodha yenyewe, hata ikiwa na safu tatu tu, bado ni ndefu. File Explorer itaipanga upya na kuifuatilia kila faili jipya linapoingia. Ikiwa skana inaandika humo mchana kutwa huku folda iko wazi, utaona orodha inarukaruka na kukwama. Mpangilio mwepesi hupunguza maumivu haya, hauyamalizi.

Pili, folda ikiwa kwenye seva, majina yote husafiri kwenye mtandao, na ombi dogo la kila faili hulipia muda wa kwenda na kurudi. Muda ambao hauonekani kwenye diski ya ndani hujilimbikiza mpaka ukawa dakika. Hapa ile amri ya `dir` itakuonyesha ukweli, kwa kuwa nayo itachelewa.

Tatu, ambayo huwakuta watu bila kutarajia, ni siku ya kunakili kwenye flashi. Flashi nyingi bado zinakuja na FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, na huko folda moja haiwezi kuzidi nafasi 65,536 za majina. Tena jina refu halitumii nafasi moja. Hutumia moja kwa jina fupi la lazima, na nyingine kwa kila herufi 13 za jina refu. `SKANI_123456.jpg` lina herufi 16, kwa hiyo linakula nafasi tatu. Gawanya na utaona kwamba folda itajaa kwenye faili kama 21,800. Kompyuta itakataa faili linalofuata huku flashi ikiwa na gigabaiti kadhaa tupu, na mwenye nayo atadhani imekufa. Ukiigawa folda, tatizo hilo linatoweka, kwa sababu kikomo ni cha kila folda, si cha flashi nzima.

Kuna na la nne, la kuingiza faili mpya. Diski nyingine za NTFS bado hutengeneza jina fupi la mtindo wa zamani kwa kila faili, herufi nane na kiendelezi cha tatu. Majina yanayoanza sawasawa, kama haya ya SKANI, hugongana, na mfumo hulazimika kutafuta jina fupi ambalo halijachukuliwa. Microsoft wenyewe wanashauri kulizima jambo hili kwa folda zenye faili 300,000 na kuendelea, hasa herufi sita za mwanzo zikifanana. Kwa hiyo wewe uko jirani kabisa na mpaka huo. Angalia kwa `fsutil 8dot3name query D:` ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Kulizima kwa `fsutil 8dot3name set D: 1` hugusa faili mpya tu, na hilo ni salama. Kuyafuta majina mafupi yaliyokwishakuwepo ni habari nyingine, maana huenda kuna programu inayoyategemea, nami nisingeyagusa.

Gharama ya kugawa ni njia za faili. Kama kuna hifadhidata au jedwali lililoandika `D:\Skani\SKANI_123456.jpg`, siku utakayohamisha faili hilo kiungo kitakatika. Lazima ujue mapema ni nani anaitegemea folda hii, na uwe na namna ya kusahihisha njia zote kwa mpigo. Usipoweza kujibu swali hilo, usigawe bado.

Ukiweza, swali linalobaki ni kugawa kwa kigezo gani. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hugawa vitu vyake kwenye folda hadi 256 kwa kutumia herufi mbili za mwanzo za alama ya kila kitu. Hiyo inaifaa programu, haimfai binadamu, kwani hakuna atakayekumbuka hati ya fulani iko `a7` au `3c`. Mwaka na mwezi ni kigezo kizuri kwa binadamu, mradi tarehe iwe ya hati yenyewe. Ile tarehe ya kuundwa ambayo Windows inaonyesha huwa mpya kila faili linaponakiliwa. Kwa kisa hiki, namba iliyomo kwenye jina ndiyo bora: tarakimu tatu za mwanzo ziwe jina la folda, hivyo kila folda itabeba faili zisizozidi 1,000, na mwenye namba anajua pa kwenda bila kuuliza.

```
cd D:\Skani
(Get-ChildItem -File -Filter SKANI_*.jpg) | ForEach-Object {
  $f = $_.Name.Substring(6,3)
  New-Item -ItemType Directory $f -Force | Out-Null
  Move-Item -LiteralPath $_.FullName -Destination $f
}
```

Hiyo ni ya PowerShell. Ijaribu kwanza kwenye folda nyingine yenye nakala za faili mia chache, na uwe na nakala rudufu ya zote. Kuhamisha ndani ya diski ileile ni kubadilisha maandishi ya faharasa tu, picha zenyewe hazinakiliwi, kwa hiyo huhitaji nafasi ya ziada. Kabla na baada, hesabu faili katika `cmd`; namba zikitofautiana simama utafute zilizopotea:

```
dir /s /b /a-d D:\Skani | find /c /v ""
```

Kwa hali yako, kama folda iko kwenye diski ya ndani na skana imekwishamaliza kazi, ningebadilisha mpangilio tu na kuiacha. Kama iko kwenye seva, au bado inapokea picha kila siku, ningeigawa, na siku hiyohiyo ningeielekeza programu ya skana iandike kwenye folda ndogo ya namba inayofuata, maana ikiendelea kumwaga faili kwenye `D:\Skani` yenyewe folda itajaa upya.