Chokaa ya tanuu: mzee aulizwe nini?

"Nenda kwa wazee, waulize zamani walitengeneza au kuuza nini ambacho leo hakipo, ukifufue." Kijana anayetafuta kazi akipewa ushauri huu, amepewa nusu ya njia. Tuchukue uchomaji wa chokaa Unguja.

Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, maji na chumvi hunaswa ndani; plasta hufura, ikianguka huondoka na sehemu ya ukuta. Kwa hiyo mnunuzi wa chokaa yupo, na hilo ndilo linaloitofautisha na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za usumba. Huo hata ukiundwa upya, nani ataupakia mzigo?

Mzee aliyewahi kuchoma atakueleza kwamba tanuu ni rundo la wazi: magogo hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa hadi kuni ziishe. Jiwe lililoiva hulijua kwa kulinyanyua: limekuwa jepesi. Kilo 10 za jiwe safi la chokaa hubaki kama 5.6, kwani hewa ya ukaa imetoka. Likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga; huko ndiko kuzimika. Kipande ambacho hakikuzimika sawasawa kikipenya kwenye plasta, huja kuzimikia humo ukutani na kuitumbua. Dawa yake ni kuiacha chokaa shimoni na maji kwa wiki nyingi, miezi ikiwezekana.

Hapo ndipo pingamizi zinapoanza, na si ndogo. Mkandarasi anataka plasta wiki hii, na mfuko wa saruji uko dukani. Tanuu la magogo linakula kuni ambazo kisiwa hakina za kuchezea, mikoko ikiwemo. Matumbawe hai ya baharini ndiyo kabisa, hayafai kuguswa. Nao wanaoona kwamba kazi hii ingeachwa ife wana hoja nzito hapo.

Hata hivyo pingamizi hizo zinagusa tanuu zaidi kuliko chokaa. Mawe ya chokaa yapo nchi kavu, Tanga kwa mfano, na tanuri lililojengewa kuta hutumia kuni kidogo kuliko rundo la wazi. Mimi ningeacha rundo, nikachukua maarifa ya shimo na ya mkono.

Na maarifa hayo hayapatikani kwa kumhoji mzee barazani. Mpelekee mawe matatu yaliyochomwa, moja likiwa bichi moyoni, umtazame anavyoyapima mkononi. Halafu muulize swali ambalo wengi hulisahau: mteja wako wa mwisho alikuwa nani, na alihamia kwenye nini?