Slaidi yako inasomwa kwa jinsi ulivyoitengeneza, sio kwa jinsi inavyoonekana

Kuna jamaa nafanya naye kazi, haoni, anatumia NVDA, ile programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows. Siku moja nikamtumia slaidi zangu kabla ya kikao azipitie, mi nina uhakika kabisa nimetengeneza kitu kisafi. Nusu saa baadae simu inaita. "Ndugu yangu, hii slaidi ya tano mbona inaanza na meneja anaidhinisha, halafu mshale, mshale, mshale, ndo naambiwa nijaze fomu, na kichwa cha habari kinakuja mwisho? Ombi linaidhinishwa kabla halijaandikwa?"

Nilicheka, ila kwa aibu. Slaidi yenyewe ilikuwa ya hatua nne za kuomba likizo: visanduku vinne toka kushoto kwenda kulia, mishale mitatu katikati, kichwa juu. Kwa macho hakuna wa kupotea. Shida ni kwamba kisoma skrini hakijui kushoto wala kulia, kinafuata mrundikano wa vitu kwenye slaidi, kilichoko chini kabisa ya mrundikano kinasomwa kwanza na kilichoko juu kinasomwa mwisho, na mrundikano huo kwa kawaida ni historia tu ya nini uliweka kabla ya nini. Kisanduku cha meneja nilikikopi toka faili la zamani ndo maana kilikuwa cha kwanza. Mishale nikaweka kwa mkupuo. Kichwa nilikikumbuka mwisho, nikachora kisanduku cha maandishi juu pale nikakuza fonti, nikaona nimemaliza.

Kwenye PowerPoint ukitaka kuona aibu yako bonyeza Alt+F10, inafunguka Selection Pane, orodha ya kila kitu kilichopo kwenye slaidi. Hapa wengi wanateleza, mimi nikiwemo: orodha hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu. Nilipanga mara ya kwanza kichwa juu kabisa kama mtu mwenye akili timamu nikamrudishia jamaa, akaniambia sasa umeharibu zaidi, naanza na hatua ya nne. Matoleo mapya yana Reading Order Pane ambayo inasomeka juu kwenda chini kama binadamu, kama unayo tumia hiyo.

Kichwa sikukihamisha tu, nilikifuta. Kisanduku ulichochora mwenyewe hata ukikikuza vipi programu haikitambui kama kichwa, kwa hiyo mtu anayeruka slaidi kwa slaidi kwa kusikiliza vichwa hapo anakuta patupu. Nikabadili mpangilio wa slaidi kuwa Title Only nikaandika kichwa kwenye nafasi yake halisi. Njia ya haraka ya kukagua ni Outline View: kama slaidi haionyeshi kichwa pale, basi haina, hata kama unakiona kimejaa skrini nzima.

Mishale nayo. Mshale unaongea na macho tu, ukisomwa ni kelele, kwa hiyo niliandika namba ndani ya visanduku, 1 mpaka 4, halafu kila mshale nikaufungulia sehemu ya maelezo ya picha, Alt Text, yale maneno kisoma skrini kinayosoma badala ya picha, nikaweka alama kwenye Mark as decorative ili urukwe. Mwisho unabofya eneo tupu nje ya slaidi, unabonyeza Tab mara kwa mara na kuangalia fremu inavyoruka kitu kwa kitu. Huo ndo mpangilio wa kusoma. Ikiruka ovyo, msikilizaji naye anaruka ovyo.

Kuna pahala njia hii inakwama, nayo ni vitu vinavyolaliana. Kwa kuwa mpangilio wa kusoma na wa kufunikana ni kitu kimoja, ukitaka picha kubwa ya nyuma isomwe mwisho itakuja juu na kufunika maandishi yako yote. Kama ni pambo tu ipeleke kwenye Slide Master, kile kiolezo cha slaidi zote, huko haisomwi kama kitu cha slaidi, na wewe hutaishika kwa bahati mbaya tena.

Sasa maelezo ya picha. Slaidi ya sita ilikuwa na grafu niliyoibandika kama picha, na maelezo yake yalikuwa jina la faili, yaani jamaa alisomewa herufi na namba mwanzo mwisho. Nikajirekebisha nikaandika "grafu ya muda wa kusubiri", nikajiona nimeendelea. Akaniuliza, inasema nini hiyo grafu? Swali la haki kabisa. Nikaandika hivi: "Grafu ya nguzo. Muda wa kusubiri jibu la likizo ulikuwa siku 9 Januari na Februari, ukapanda hadi 12 Machi, ukashuka hadi 4 Aprili fomu ilipohamia mtandaoni." Sentensi mbili, na ndo kile ambacho ningekisema kwa mdomo nikiwa mbele ya watu. Sikutaja nguzo ni za bluu wala mistari ya nyuma, havimsaidii chochote. Na usianze na "hii ni picha ya", kisoma skrini kishatangaza chenyewe kuwa ni picha.

Grafu ikiwa na namba nyingi kweli, sema mwelekeo kwenye maelezo halafu jedwali liweke kwenye slaidi inayofuata. Ile ya watu wanaopeana mikono wakicheka niliiwekea alama ya pambo, na kusema kweli ningeifuta tu.

Kwenye rangi nilikuwa mbishi. Napenda kijivu chepesi kwenye maandishi madogo, naona kimekaa kistaarabu. Kanuni za WCAG, zile za kimataifa za kufanya maudhui ya mtandaoni yafikike na watu wenye ulemavu, zinataka uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi na nyuma yake, na 3:1 kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18 kwenda juu au 14 zikiwa nene. Kijivu changu `#999999` juu ya nyeupe kinatoa 2.8 hivi. Rangi ya chungwa `#FFA500` niliyoandikia zile namba za grafu ni kama 2, hiyo ni kuandika kwa maji. Kijivu `#767676` kinapita kwa tabu, 4.54, lakini mimi siku hizi naenda `#595959` inayofika 7, kwa sababu hesabu hizo ni za rangi zilizoandikwa kwenye faili, na projekta kwenye chumba chenye mwanga wa dirishani inapausha kila kitu, kile kilichopita kwa tabu kwenye laptopu kinapotea ukutani.

Maandishi juu ya picha ndo balaa, maana uwiano unabadilika herufi kwa herufi, mwanzo wa neno uko kwenye kivuli na mwisho uko kwenye anga jeupe. Pima pale palipo pabaya zaidi, au weka kisanduku cha rangi moja nyuma ya maneno uache ubishi.

PowerPoint ina Check Accessibility na naitumia, ila inajua tu kama maelezo yapo, haijui kama yana maana, "grafu ya muda wa kusubiri" ilipita bila neno. Mpangilio wa kusoma nao inakuambia ukaangalie mwenyewe, kazi ya kuangalia inabaki kwako.

Na ukimaliza usiende kwenye Print ukachagua kutengeneza PDF, hapo kila ulichopanga kinapotea. Tumia Save As, uchague PDF, fungua Options uhakikishe "Document structure tags for accessibility" imewekewa alama. Mimi hilo nililijua baada ya jamaa kunipigia mara ya tatu.