Gomesi Yangu Imeitwa Midi

Mimi sikatai kukosolewa. Mtu aliyenunua kitambaa mita sita kwa pesa yake ana haki ya kusema bega limepanda, kifungo kimekaa upande, pindo linafagia vumbi. Hayo ni maneno yenye pa kushika: unachukua mkasi, unafumua, unashona upya. Lakini jana hapa Kiyembe, Kampala, binti mmoja mwenye kucha ndefu kuliko sindano zangu aliitazama gomesi niliyoikeshea, lile gauni refu la sherehe la akina mama wa Uganda, akatafuna bigijii yake taratibu, akasema, "Midi." Akarudi kwenye simu.

Nikangoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

Siku hizi ndivyo watu wanavyohukumiwa. Kijana wa rolekisi nilimlalamikia kwamba chapati imekonda, akanijibu "silei, mzee", nami nikalipa bei ileile. Mwenye nyumba wangu, mtu wa mvi zake, aliukuta ukuta nimeupaka rangi kwa pesa yangu, akasema "vaibu", kisha akapandisha kodi.

Turudi kwenye gomesi. Mwenyewe ni Hajati mmoja wa Bombo, mjane wa sajenti, na Kiswahili chake cha kambini hakina neno "tafadhali". Kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba kwa wazazi, ilikuwa Jumamosi. Yule mwenye kucha ni mtoto wa kaka yake, kaja kama mshauri wa mambo ya kisasa.

Nikamuuliza kwa upole, "Binti, midi ndiyo nini?"

"Ya katikati, anko."

"Sasa katikati kuna ubaya gani?"

Akanitazama kwa huruma.

Mimi nimekua wakati mtoto akifanya mtihani wa darasa la saba, alama 4 hadi 12 ni daraja la kwanza, na aliyepata 13 akaangukia la pili alichinjiwa jogoo vilevile, majirani wakaitwa. Mama yangu akionja mchuzi akasema "si haba", mpishi alilala anacheka. Leo mzazi wa daraja la pili anapita njia ya nyuma asisalimiwe. Hawa watoto wamelelewa humo, utawalaumu vipi? Kwao kuna juu na kuna takataka, na katikati imehamishiwa kwenye takataka.

Nina kijana anayejifunza cherehani kwangu. Kuweka uzi kwenye sindano bado kunamshinda, ila mambo ya kwenye simu anayajua yote. Akaniinamia sikioni: bosi, hilo neno lilikuwa la wavuta bangi wa Marekani, walipanga bangi kwa ubora, na ile ya wastani ndiyo iliitwa hivyo. Mwaka 2021 mwanamieleka mmoja wa huko, MJF, akawa anawatukana nalo wapinzani wake jukwaani, likavuma, likatufikia. Kwa hiyo mimi, fundi mzee, kazi yangu imepimwa kwa mizani ya bangi!

Hajati akatoka nyuma ya pazia, gomesi mwilini, mabega yamesimama kwa ncha, mshipi kiunoni. Binti akampima kwa macho toka juu hadi chini.

"Itsi givingi..." akasema, akanyamaza.

Nikashika moyo. Inatoa nini? Kijana wangu akaniwahi tena kwa mnong'ono. Anasema hayo yametoka Harlem, New York, kwenye mashindano ya mavazi na madaha ya vijana Weusi na Walatino, wengi wao waliokataliwa makwao. Unatembea ukumbini katika kundi ulilojiandikisha, na majaji wanataka uutoe uso, uitoe sura, uwape walichoahidiwa. Ukiwapa, wanainua kadi za 10. Usipowapa, unakatwa hapohapo. Basi anayesema itsi givingi anatangaza vazi linatoa picha gani, na hukumu yote imebebwa na neno linalofuata. Akisema malkia, umepona. Asipoongeza chochote, akaishia hapo kwa kishindo, umepona zaidi. Ila akisema "itsi noti givingi", funga cherehani urudi kijijini.

Maelezo mazuri, lakini binti alikuwa hajamaliza.

"...pazia la sebuleni," akamalizia.

"Pazia gani?" akauliza Hajati, akigeuka kutazama lile alilotokea.

Basi nikafumua. Nikapunguza kile kitambaa kigumu cha ndani ya mabega ili ncha ilale kidogo, nikausogeza mshipi chini ya tumbo, nikapiga pasi ya mkaa maana umeme ulikuwa umeshaenda zake. Hajati akavaa tena. Safari hii hata mimi niliona: mwanamke amesimama. Binti akainua kichwa toka kwenye simu, macho yakamtoka, akapiga ukelele uliosikika hadi kwa wauza zipu:

"Silei, Shangazi!"

Kiyembe nzima ikanyamaza.

"Umeniita nani?" Hajati akauliza.

Jamani, hapa kwetu silei ilifika ikiwa imeshikana mkono na kwini. Silei kwini tunamjua sote: nywele za gharama, picha za hotelini, na mwanamume fulani anayelipa. Redio imemsema, mahubiri yamemsema. Hajati neno hilo kalisikia mara nyingi, na halijawahi kuwa sifa.

"Mimi? Mjane wa sajenti? Niliyekwenda Makka? Silei kwini?"

"Si kwini, Shangazi! Silei peke yake!"

"Peke yake! Hata wa kunilipia sina!"

Kijana wangu, Mungu amsamehe, akajitosa kupatanisha. "Hajati, asili yake ni Kiingereza, ni kuua. Anamaanisha umeua."

"Nimemuua nani? Marehemu alikufa kwa malaria, na cheti ninacho!"

Wauza zipu wakaegemea ukuta kwa kicheko. Mimi nilikuwa nahesabu salio langu. Nikasema, Hajati, ni sifa, hata vijana wetu wakiona goli zuri husema "kaua". Akaniambia nisimtetee mtoto asiye na adabu, akajifunga ushungi, akaondoka na gomesi mwilini, na salio likabaki kwenye mabishano.

Binti akabaki nyuma kuokota mikoba. Hapo nikachoka na heshima. Nikamwambia: mwanangu, nimeshona usiku kwa mshumaa, mgongo umekufa, macho yanawasha. Niambie neno moja la maana. Bega sasa liko sawa? Mshono wa kwapa umeuona? Kuna mtu yeyote Kampala hii bado anatazama mshono?

"Silei, anko," akajibu, bila kuinua macho wala sauti.

Nikataka kufurahi. Kijana wangu akatikisa kichwa: hiyo si sifa, bosi, ya kwanza ilikuwa na ukelele. Ikisemwa kavu hivyo ni "haya, nimesikia". Kumbe neno ni lilelile, ila mpaka umsikilize mtu kwenye koo!

Na Gomes, yule fundi Mgoa anayetajwa kuwa ndiye aliyeibuni nguo yenyewe, namwonea wivu, maana wateja wake walikuwa wakisema "asante". Ingawa naye nina neno naye. Vifungo viwili, bwana, viwili tu, vya kushoto shingoni. Na yule muuza vifungo wa hapo chini hauzi chini ya dazani, hata umlilie. Kila rangi ya gomesi inaniachia kumi. Nina makopo ya vifungo vya zambarau, vya dhahabu, vya kijani cha ajabu ambacho hakuna binadamu atakirudia, mke wangu anauliza hivi vyote ni vya nini, na juzi mjukuu kameza kimoja.