Namba moja, laini tatu: lini inafaa simu ikutafute kwa zamu

"Nina laini tatu: moja ya mfukoni, moja iko gesti Jambiani, moja iko dukani Darajani. Nataka kwenye kibao niandike namba moja tu, halafu izitafute zote kwa zamu mpaka mtu apokee. Ni busara au najitia gharama?"

Kwa mpangilio huo ni busara, kwa sababu laini zako ziko sehemu tatu na kila sehemu pana mtu wa kupokea. Laini zote zingekuwa mfukoni mwako, ningekushauri uache. Wengi wetu tunatembea na simu ya laini mbili, na simu nyingi za aina hiyo zina redio moja tu ya kuongelea: ukiwa unazungumza kwenye laini ya kwanza, ya pili mara nyingi haipatikani kabisa. Kuitoa simu laini ya kwanza na kuipeleka ya pili ndani ya kifaa kilekile hakumsaidii mpigaji, kwani masikio ni yaleyale na betri ni ileile. Mwenye shida hiyo abaki na namba moja. Kama tatizo lake ni bei za mtandao, tangu 2017 anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake.

Njia rahisi ya kuanzia ni kuunganisha laini kama mnyororo. Tuseme namba ya kibaoni ni ile ya gesti. Kwenye simu ya gesti unabonyeza hizi, ukiweka namba yako ya mfukoni badala ya X:

```
**61*+255XXXXXXXXX*11*15#
**67*+255XXXXXXXXX#
**62*+255XXXXXXXXX#
```

Ya kwanza inasema: wasipopokea kwa sekunde 15, peleka simu kwa namba hii. Ya pili ni pale laini inapotumika, ya tatu ni pale simu imezimwa au haina mtandao. Kisha unarudia hayohayo kwenye simu ya mfukoni, ukielekeza dukani. Ukitaka kujua kilichowekwa, bonyeza *#61#, *#67# na *#62#, kila moja kwa mpangilio wake; ukitaka kufuta yote, ##002#. Si kila laini ya malipo ya kabla imefunguliwa huduma hii. Ukijibiwa kuwa kuna kosa, huduma kwa wateja ndio wa kuulizwa.

Sekunde ndizo zinazoamua kama mpango utafanya kazi. Mtandao unakubali kuanzia 5 mpaka 30, kwa hatua za 5. Ukiacha 30 kila mahali, dukani kutaanza kuita baada ya dakika nzima, na juu yake kila kuhama kunakula sekunde chache za kuunganisha. Mpigaji aliyesimama juani akitafuta chumba keshakata zamani. Gesti ikipewa 15 na mfukoni 15, dukani kunaanza kuita kabla ya sekunde 40, na hapo bado watu wengi wapo hewani. Anayeanza kwenye zamu awe yule mwenye uwezekano mkubwa wa kupokea, hata kama si mwenye mali.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ule mpangilio wa laini inapotumika, yaani 67, haufanyi kazi kama huduma ya simu kusubiri imewashwa. Mtu wa gesti akiwa anaongea, anasikia mlio wa pembeni tu, na mpigaji wa pili anangoja sekunde zote 15 kabla ya kuhamishwa. Bonyeza *#43# uangalie. Ikiwa imewashwa, #43# inaizima.

Kutopatikana nako kuna namna mbili. Simu iliyozimwa vizuri inauarifu mtandao, kwa hiyo simu inapelekwa mbele papo hapo. Lakini ukiwa kwenye boti la kwenda Pemba na mnara ukapotea njiani, mtandao bado unadhani upo. Unakutafuta kwanza, na mpigaji anasikia kimya. Ukisafiri, ni bora uzime simu ya mfukoni au uiweke kwenye hali ya ndegeni kabla ya kuondoka bandarini.

Gharama ipo, tena inakuangukia wewe. Mpigaji analipia mpaka gesti. Kutoka gesti kwenda mfukoni inalipa laini ya gesti, na kutoka mfukoni kwenda dukani inalipa ya mfukoni. Salio la gesti likiisha, simu inakwama hapohapo na wewe hujui. Uliza pia kama dakika za kifurushi zinahesabika kwa simu zilizoelekezwa, maana zinaweza kukatwa kwenye salio la kawaida. Aliyeweka laini tatu ili afaidi vifurushi vya mitandao mitatu anaweza kuipoteza faida yote hapa.

Ila kasoro kubwa ya mnyororo kwangu mimi si pesa. Sheria uliyoweka kwenye laini ya mfukoni inahusu kila simu inayoingia humo, si zile za kibaoni peke yake. Mama mkwe akikupigia usiku usipopokea, ataitikiwa na kijana wa dukani. Daktari naye vilevile. Anayejali faragha ya nyumba yake asilipuuze hili.

Hapo ndipo namba halisi ya kukufuata, inayokaa kwenye mtambo wa simu wa intaneti, inapostahili gharama yake. Zamu zinakuwa mali ya namba ile, na laini zako hazina mpangilio wowote ndani yake. Kwenye FreePBX, programu ya kuendesha mtambo wa aina hiyo, unafungua Follow Me, unaandika namba za nje kila moja ikimalizikia na #, na kwenye Ring Strategy unachagua hunt ili ziite moja baada ya moja. Ukichagua memoryhunt, ya kwanza inaita, kisha ya kwanza na ya pili pamoja, kisha zote. Kwa biashara ndogo naipenda zaidi hii, kwa kuwa aliyekuwa mbali na simu bado anaweza kuiwahi. Washa na Confirm Calls, inayomtaka mpokeaji abonyeze 1, ila hakikisha kwanza kuwa inafanya kazi na Ring Strategy uliyochagua. Bila hiyo, sanduku la sauti la laini yoyote likiitikia, mtambo unahesabu simu imepokelewa na zamu inakatika. Dalili yake ni mpigaji kukwambia kila mara anaishia kwenye ujumbe ule ule.

Mtambo nao una masharti yake: seva inayowaka muda wote, intaneti isiyokatika, na malipo ya njia inayouunganisha mtambo na mitandao ya simu. Umeme ukikatika kwenye seva iliyo gesti, namba ya kibaoni inakufa yote. Pia mara nyingi utaona namba ya mtambo wako badala ya ya mpigaji, mpaka anayekuuzia njia akubali kuipitisha.

Kwa vyovyote, hakuna kati ya njia hizi mbili inayogusa WhatsApp. Simu ya WhatsApp inakwenda kwenye kifaa kilichosajiliwa namba ile na vilivyounganishwa nacho, basi. Ujumbe wa malipo na meseji za kawaida nazo zinabaki kwenye laini yake. Kama wageni wako wengi ni wa ng'ambo wanaopiga kwa WhatsApp, zamu zitawafaa zaidi madereva, wauza samaki na mawakala wa hapa. Kwa wageni, kifaa chenye WhatsApp ya gesti kipewe mtu wa zamu, ama kiunganishwe na simu yako kama kifaa cha pili.

Kabla ya kumwita mchora kibao, jaribu kwa simu ya nne mara tatu: gesti wasipokee, gesti wawe wanaongea, gesti wazime. Ukisikia laini inatumika ilhali zote zimetulia, kagua duka: huenda laini yake imeelekezwa kurudi gesti, na simu inazunguka mpaka mtandao unaikata.