Mkopo wa stoki: chukua riba isiyobadilika, lakini kagua ratiba kwanza

Wafanyabiashara wa soko la Kongowea, Mombasa, wanapotaka kuongeza stoki, swali wanaloniuliza mara nyingi ni moja: nichukue mkopo wa riba isiyobadilika, au ule unaopanda na kushuka? Msimamo wangu ni kwamba kwa mkopo wa kununua bidhaa, unaolipwa ndani ya mwaka mmoja, chukua riba isiyobadilika. Ila kuna sharti ambalo nitalieleza, na bila sharti hilo ushauri wangu haufai kitu.

Tumchukue mama anayeuza maharagwe na mchele kwa jumla ndogo. Anataka shilingi 200,000 anunue magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Shirika moja la mikopo midogo linampa asilimia 20 kwa mwaka, isiyobadilika kwa miezi 12. Jingine linampa asilimia 18, ila inaweza kubadilika. Mikopo yote miwili inatoza riba kwa salio lililobaki. Kwa mkopo wa kwanza atalipa takriban shilingi 18,527 kila mwezi, na riba yote itakuwa 22,300 hivi. Wa pili utaanza na 18,336 kwa mwezi, na kama kiwango hakitaguswa, riba yote itakuwa kama 20,000. Tofauti ni shilingi 2,300. Hiyo ndiyo bei anayolipia utulivu.

Sasa tuseme baada ya marejesho manne riba inapanda kutoka 18 hadi 21. Wengi wakisikia hivyo hushtuka. Lakini kufikia hapo deni limeshashuka hadi kama 137,000, kwa hiyo marejesho ya miezi minane iliyobaki yanaongezeka kwa shilingi 200 tu kwa mwezi. Mwisho wa mwaka riba yote inafika 21,600, bado chini ya ule wa asilimia 20. Nakiri hesabu hii inaelekea upande wa riba inayobadilika. Mkopo mfupi unaolipwa kila mwezi hauachi deni kubwa likae muda mrefu, kwa hiyo riba ikipanda haina pakubwa pa kuumiza.

Kwa nini basi nashikilia riba isiyobadilika? Kwanza, mwenye kuuza nafaka hupanga bei ya kilo kabla hajanunua gunia. Akijua rejesho ni 18,527 mpaka mwisho, anajua kila wiki atoe kiasi gani kwenye mauzo na abaki na nini cha kurudisha shambani kununua tena. Pili, mashirika mengine riba ikipanda hayaongezi rejesho, yanaongeza miezi. Mama huyu atajikuta msimu mwingine wa mavuno umefika na bado analipia magunia ya mwaka jana, na hapewi mkopo mpya mpaka amalize wa zamani. Kwake kuukosa msimu ni hasara kubwa kuliko hizo 2,300.

Tatu, riba haishuki kwa kasi iliyopandia. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika 13 Februari 2024. Kilianza kushushwa Agosti 2024, na katikati ya 2025 kilikuwa chini ya 10. Katika safari hiyo ya kushuka, Benki Kuu ilibidi izihimize benki hadharani zipunguze riba kwa wateja, maana zilikuwa zinasuasua. Shirika dogo linalokopa kutoka benki ili likukopeshe wewe ndilo la mwisho kuuonja unafuu huo, na wewe uko nyuma yake.

Sharti langu ni hili. Riba isiyobadilika iwe inatozwa kwa salio, si kwa mkopo wa mwanzo. Kuna mikopo inayotangazwa kuwa ya asilimia 20 isiyobadilika, kumbe kila mwezi unatozwa riba inayohesabiwa kwa shilingi 200,000 nzima, hata ukiwa umebakiwa na deni la 40,000. Kwa mama wetu, mkopo kama huo una riba ya shilingi 40,000 kamili na rejesho la 20,000 kwa mwezi. Ukiupima kwa kipimo cha salio, ni sawa na kukopa kwa asilimia 35 hivi kwa mwaka. Mtu anaogopa riba itakayopanda kwa pointi tatu, huku akitia sahihi mkopo unaompandishia pointi kumi na tano siku ya kwanza.

Kuutambua ni rahisi, wala huhitaji kikokotoo. Kabla ya kutia sahihi mwombe afisa wa mikopo ratiba ya marejesho iliyochapishwa, kisha uteremke na kidole kwenye safu ya riba. Kama inatozwa kwa salio, mwezi wa kwanza utaona 3,333, wa pili 3,080, na wa mwisho 300 na kidogo. Ukiona 3,333 mistari yote kumi na miwili, huo si mkopo wa asilimia 20 unaoujua wewe. Na kama afisa anakwambia ratiba utaitumiwa baadaye kwenye simu, ondoka.

Safu hiyo inaamua pia jambo ambalo kwa mwenye stoki lina uzito wa pekee, nalo ni kulipa mapema. Maharagwe yakipanda bei na magunia yakaisha kwa miezi sita, mama atataka kufunga deni. Kwenye mkopo wa salio anadaiwa kama 105,000. Kwenye ule mwingine, shirika lisilosamehe riba ya miezi iliyobaki litamdai 120,000. Ulizia pia faini ya kulipa kabla ya wakati, kwa sababu mikopo ya riba isiyobadilika ndiyo hasa huwa nayo. Mwambie afisa akuandikie: nikifunga mwezi wa sita nitalipa ngapi?

Ada ya kushughulikia mkopo, bima na akiba ya lazima zinakatwa kwenye mikopo ya aina zote mbili, kwa hiyo ulizia kiasi kitakachofika mkononi na ulinganishe hicho.

Wasiogusa riba, na Mombasa ni wengi, wakienda kwenye murabaha wanapata kitu kilicho karibu na ninachokitetea: mkopeshaji ananunua bidhaa na kukuuzia kwa bei iliyokubaliwa, na bei hiyo haibadiliki mpaka umalize kulipa.

Mkopo wa miaka mitatu, tuseme wa kujenga stoo, una hesabu tofauti. Shilingi 200,000 zile zile kwa asilimia 18, riba ikipanda pointi sita baada ya mwaka mmoja kama kiwango cha Benki Kuu kilivyopanda kati ya 2022 na 2024, zitakugharimu zaidi ya shilingi 10,000 za ziada. Hapo riba inayobadilika ningeikubali tu kama viwango viko juu na vimeanza kushuka, na kama mkataba unataja kiwango cha nje kinachofuatwa, kwa mfano kile cha Benki Kuu, na nyongeza ya shirika juu yake ikiwa imeandikwa kwa tarakimu. Mkataba ukisema tu kwamba mkopeshaji anaweza kubadilisha riba anavyoona inafaa, usitie sahihi, hata kama asilimia ya kuanzia ni ndogo kuliko zote sokoni.