Laki nane, uwanja wa nyuma: kuku wa nyama au chotara?

"Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba na laki nane mkononi. Nifuge kuku wa nyama au chotara, na nitabakiwa na nini?"

Kwa laki nane, anza na vifaranga 50, si 100. Swali la pili ni nani atakayewanunua, na hilo ndilo litakaloamua aina ya kuku. Hesabu zilizo hapa chini ni za mfano kwa mtu wa Dar es Salaam. Bei hubadilika kila mwezi na kila mtaa, kwa hiyo weka za kwako, ila mpangilio wa hesabu uache ulivyo.

Banda la mita 2 kwa 3, la mbao, wavu na mabati machache, tulikadirie kwa 250,000. Vifaranga 50 vya kuku wa nyama kwa 1,800 kila kimoja ni 90,000. Mpaka afikishe wiki tano na uzito wa karibu kilo 1.8, kuku mmoja hula kama kilo 3.2 za chakula. Hamsini watakula kilo 160, yaani mifuko mitatu na kidogo ya kilo 50, na kwa 75,000 mfuko hiyo ni 240,000. Chanjo, vitamini, maranda na mkaa vichukue 50,000. Mzunguko mmoja umegharimu 380,000, mbali na banda.

Wakifa watatu na 47 waliobaki wakauzwa kwa 8,500, unapata 399,500. Umebaki na elfu kumi na tisa na mia tano kwa wiki tano za kuamka alfajiri, na banda bado halijajilipa. Kuku walewale ukiwauza mwenyewe kwa mama lishe na majirani, wamechinjwa na kunyonyolewa, kwa 10,000, unapata 470,000 na kubaki na 90,000. Ufugaji haujabadilika hata kidogo, aliyebadilika ni mnunuzi.

Sasa angalia kinachotokea mnunuzi akisema "njoo Jumatatu". Kuku wa wiki tano hula karibu gramu 160 kwa siku. Wote 47 wanamaliza kilo saba na nusu, ambazo ni zaidi ya shilingi 11,000 kila kunapokucha. Siku mbili za kusubiri zinameza ile elfu kumi na tisa yote. Wataongezeka uzito, ni kweli, lakini anayenunua kwa kichwa halipii nyama iliyoongezeka. Tena kuku mzito hufa kirahisi kwa joto la mchana wa Dar, hasa banda likiwa na paa la bati lililo chini na ukuta uliozibwa upande unaoleta upepo. Kwa hiyo oda za kuku wa nyama hutafutwa kabla ya vifaranga kuingia. Ukifika wiki ya nne bila mnunuzi wa uhakika, hasara imeshaanza.

Chotara kama Sasso au Kuroila humpa mfugaji nafasi ya kupumua, lakini si kwa kiwango ambacho wengi hukitangaza. Vifaranga 50 kwa 2,000 ni 100,000. Kwa wiki 12 kila mmoja atakula kama kilo 5.5, hivyo mifuko mitano na nusu kwa 70,000 inafika 385,000. Gharama nyingine ziwe 60,000. Jumla ni 545,000, na ukijumlisha banda laki nane yako imekwisha, imebaki elfu tano tu. Ukiuza 46 kwa 13,000 unapata 598,000, faida 53,000. Igawe kwa wiki 12 utaona haiwazidi sana kuku wa nyama waliouzwa kwa bei ya chini, na haiwafikii kabisa waliouzwa kwa bei ya mama lishe.

Uzuri wa chotara uko kwenye kuuza kidogo kidogo: watano wiki hii, kumi wiki ijayo, na mitetea ikabaki itage. Hilo lina maana ukiwa na uwanja wenye uzio wanapotoka mchana, mchicha, maganda na mabaki ya jikoni. Chotara aliyefungiwa kutwa akila chakula cha dukani peke yake naye anakula faida yake. 46 wa wiki 12 wanamaliza zaidi ya shilingi 6,000 kwa siku. Kama uwanja wako ni saruji tupu iliyobanwa na kuta za majirani, ile sababu kuu ya kumchagua chotara huna.

Vifo ndivyo vinavyoharibu hesabu zote mbili, na vingi huanzia kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni joto la wiki ya kwanza, linalotakiwa kuwa nyuzi 32 hadi 35 usawa wa vifaranga, kisha lishushwe kama nyuzi tatu kila wiki. Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga vyenyewe vinasema: vikirundikana chini ya taa au karibu na jiko, vina baridi, vikikimbilia pembeni vikihema midomo wazi, joto limezidi, vikisambaa sawasawa vikila, acha kama kulivyo. Anayetumia jiko la mkaa asizibe banda kote, kwa maana hewa ya mkaa huua vifaranga usiku mmoja, na asubuhi mfugaji akadhani ni ugonjwa.

Cha pili ni chanjo iliyotolewa lakini haikufanya kazi. Kwa kawaida kideri huchanjwa siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na kideri hurudiwa siku ya 21. Fuata ratiba ya kiwanda kilichokuuzia vifaranga. Chanjo ya kwenye maji ni virusi hai, na dawa ya klorini iliyomo kwenye maji ya bomba huviua. Tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, au changanya kwanza gramu mbili na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri kidogo, ndipo utie chanjo. Wanyime kuku maji saa moja hadi mbili kabla, ili chanjo iishe ndani ya saa mbili. Vyombo visioshwe kwa sabuni wala dawa siku hiyo. Chotara anaishi muda mrefu, kwa hiyo anahitaji pia chanjo ya ndui, na kideri kila miezi mitatu. Chanjo ya kideri ya matone ya jicho aina ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ingawa nayo haifai kuachwa juani.

Cha tatu ni maranda yaliyolowa, hasa wiki ya tatu na ya nne, wakati kuhara damu kunaposhika. Chukua maranda kiganjani karibu na chombo cha maji, yafinye, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yameloa: yatoe, weka makavu, na inua chombo mpaka usawa wa mgongo wa kuku ili wasimwage. Chuchumaa ndani ya banda pia. Macho yakiwasha kwa harufu, kuku wamekuwa wakivuta hewa hiyo usiku kucha, na jirani anaisikia vilevile. Malalamiko ya harufu yamefunga mabanda mengi mjini.

Kama tayari una mama lishe au kibanda cha chipsi kinachochukua kuku kumi kila wiki kwa bei nzuri, fuga wa nyama, na usiwaingize 50 siku moja. Ingiza 25, na wengine 25 baada ya wiki tatu kwenye chumba chao cha pembeni ndani ya banda hilohilo. Gharama ya mkaa itapanda kwa kila kuku, lakini hutakuwa na 47 wanaosubiri mnunuzi mmoja. Kama huna mnunuzi wa kila wiki ila una uzio na kivuli, chukua chotara na uhesabu kurudi nyuma kutoka sikukuu: majogoo ya Krismasi yanatakiwa yaingie bandani yakiwa vifaranga mwisho wa Septemba.